Umri wa Mheshimiwa: Mahali Mwaka wa Uongo Unapovunjikia

(Mhadhara uliotolewa Nairobi, umeandikwa kama ulivyosemwa)

Mabibi na mabwana, asanteni. Tuliokwisha kukutana kwenye mihadhara hii mnajua nitaanzia wapi, kwa hiyo mnivumilie. Naanzia Malawi, kwa rais wake wa kwanza, Daktari Hastings Kamuzu Banda. Kila nikizungumza habari za umri wa wakubwa, mtu huniuliza mfupa wa kifundo cha mkono, ule unaopigwa picha kukadiria umri. Mfupa utakuja mwishoni, muda ukiruhusu. Marehemu hapigwi picha ya kifundo.

Banda mwenyewe alizoea kusema amezaliwa tarehe 14 Mei 1906, na siku hiyo ikawa sikukuu ya taifa. Alipofariki Novemba 1997, kwa hesabu hiyo alikuwa na miaka 91. Waandishi wa maisha yake, nao, wamerudi nyuma hadi kama 1898. Tofauti ya miaka minane hivi. Kwao Kasungu wakati ule hakukuwa na rejista ya vizazi, kwa hiyo cheti usikitafute. Sasa mtafiti anafanyaje?

Wengi huanza na makaratasi ya utu uzima, na hapo ndipo wanapopotea. Tazameni. Mwaka 1925 Banda alienda Amerika, akaingia shule ya Wilberforce, Ohio. Kwa 1906 ana miaka 19. Kwa 1898 ana 27. Yote yanawezekana. Akamaliza shahada Chicago mwaka 1931, udaktari Meharry, Nashville, mwaka 1937. Ana 31 au 39, na wanafunzi wa udaktari wa umri huo walikuwapo. Anarudi Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, tarehe 6 Julai 1958 kuongoza chama. Ana 52 au 60. Hakuna hata karatasi moja hapo inayokataa mwaka wowote kati ya hiyo miwili. Mtu anayejipunguzia umri huuchagua mwaka wake akiwa mtu mzima, na anauchagua ukae vizuri na maisha anayoishi wakati huo. Nani aliyekaa akakumbuka kurekebisha utoto wake?

Basi turudi utotoni. Banda alisoma shule za misheni ya Waskoti. Yapata 1915 aliketi kufanya mtihani, na kisa chake kinajulikana: alikuwa mfupi, ameketi nyuma, akainuka ili aone maswali ubaoni, msimamizi, mmisionari Cullen Young, akadhani anaibia, akamfukuza. Kisha kati ya 1915 na 1916 akaondoka nyumbani kwa miguu hadi Hartley, Rhodesia ya Kusini, mji ambao leo unaitwa Chegutu, akafanya kazi hospitalini. Kutoka hapo akashuka Afrika Kusini, akafanya kazi migodini karibu na Johannesburg kwa miaka kadhaa.

Haya, toeni. Kwa 1906, mtoto wa miaka minane au tisa anafanya mtihani huo wa misheni, enzi ambazo watoto wengi walianza shule wakiwa wameshachunga mbuzi miaka tele. Ana tisa au kumi anavuka mipaka kwenda kutafuta kazi. Hajafika kumi na tano yumo migodini. Kwa 1898 ni kijana wa miaka 17 aliyekasirika kwa kuonewa, akafuata njia waliyoifuata maelfu ya vijana wa Nyasaland. Hadithi ni ile ile, lakini sasa inasomeka.

Naisikia sauti huko nyuma: «Watoto wa zamani walikuwa wakakamavu!» Walikuwa, bwana. Nikuonyeshe mtoto mmoja wa miaka tisa aliyetembea safari ndefu, nitampata. Nikuonyeshe mwingine hodari wa mtihani, nitampata. Lakini hapa unanitaka nimpe mtoto mmoja yote hayo kwa mfululizo, bila hata tukio moja kuchelewa kidogo. Ushahidi wa namna hii hufanya kazi kama kamba: uzi mmoja mmoja unakatika, zikisokotwa zinavuta gari.

Hata hivyo msiondoke hapa mkisema 1898 imethibitishwa. Tulichonacho ni mipaka miwili. Kwa mtihani ule tumkadirie kati ya miaka 15 na 18, tunapata 1897 hadi 1900. Mtafiti mwaminifu huandika «takriban 1898» na kuacha neno takriban mahali pake. Na kusema 1906 haiwezekani si sawa na kusema alidanganya. Mwanafunzi ugenini anaulizwa mwaka aujaze kwenye fomu, anaujaza. Fomu ya pili anainakili ya kwanza. Baada ya miaka arobaini mwaka umekuwa wake kabisa, na watu wanaucheza ngoma uwanjani.

Hapa kwetu tuna kifaa ambacho Waskoti hawakuwa nacho, marika. Mzee Kenyatta hakuwa na tarehe ya kuzaliwa. Lakini alitahiriwa mwaka 1913, rika la Kihiu Mwiri, na rika halina mtu mmoja. Unawatafuta wenzake, unauliza nani alikuwa mkubwa na nani mdogo, na unapata dirisha la miaka michache. Mtu anaweza kubadilisha mwaka wake, ila hawezi kubadilisha waliosimama naye mtoni asubuhi ile.

Wanaojiongezea umri, upesi. Charlie Smith wa Florida alisema amezaliwa 1842, akawa maarufu hata akaalikwa kutazama chombo cha Apollo 17 kikiruka mwaka 1972. Alikufa 1979, ati na miaka 137. Karatasi iliyomwangusha ni cheti cha ndoa cha 1910: umri, miaka 35. Kwa hesabu yake mwenyewe bwana harusi alipaswa kuwa na 67. Mwaka 1910 hakuwa na sifa ya kutafuta, kwa hiyo karatasi ile inaaminika kuliko zote alizojaza uzeeni. Uongo wa kujipunguzia huvunjikia utotoni. Wa kujiongezea huvunjikia katikati, kwenye miongo ambayo mtu haonekani popote.

Sababu? Mnazijua. Mwanamichezo anataka timu ya vijana. Mtumishi wa serikali anaiona 60 inakuja na ada za shule hazijaisha. Mwingine anaikimbilia 70 kwa ajili ya zile elfu mbili za Inua Jamii.

Kwa hao wa leo, msitazame tarehe ya kuzaliwa kwenye cheti. Tazameni tarehe ya kusajiliwa. Mtoto «wa 2006» aliyesajiliwa 2021, mwezi mmoja kabla ya kuomba pasipoti, ana maswali ya kujibu. Kisha ulizeni alifanya KCPE mwaka gani. Akiwa wa 2006 na jina lake liko kwenye matokeo ya 2015, alimaliza darasa la nane na miaka tisa. Banda mwingine huyo. Kisha ndugu zake: nimeona familia ambayo kwenye karatasi mama amejifungua mara mbili ndani ya miezi mitano.

Naonyeshwa saa. Mfupa, basi. FIFA huwapiga vijana wa chini ya miaka 17 picha ya MRI ya kifundo kutazama kama mfupa wa mkono umeungana kabisa na ncha yake. Kwa wavulana ni nadra sana uungane kabla ya 17, kwa hiyo ukiwa umeungana mchezaji anatolewa timuni. Usipoungana haithibitishi kitu, maana wapo wa miaka 19 ambao bado. Na mfupa hautaji mwaka wa kuzaliwa hata siku moja. Meno niliyaandaa, tuyaache.

Maswali. Yule bwana mwenye kofia, karibu, ila ukiniuliza Mzee Moi alikuwa na miaka mingapi nakupeleka Baringo ukatafute wenzake wa rika.