Funika Kisa kwa Kiganja

Wenzangu, hili la namna ya kuandika maswali ya mtihani yenye kisa cha mgonjwa nimelisema mara nyingi, hata baadhi yenu hapa mnaweza kunimalizia sentensi. Vumilieni.

Juzi nilikuwa nasoma rasimu za maswali ya mtihani wa watoto. Moja linasema hivi: mtoto wa miaka mitatu, kilo 12, ana homa ya siku mbili, amepata degedege mara mbili, hajitambui, na kipimo cha haraka cha malaria ni chanya. Kisha: "Dawa ya kwanza ya malaria kali ni ipi?"

Weka kiganja juu ya kisa, ubaki na ile sentensi ya mwisho. Jibu limebadilika? Halijabadilika hata kidogo. Ni artesuneti, mtoto awepo asiwepo. Tumemlaza mtoto wa watu kitandani bure, tunauliza jambo la kukariri.

Page na Bordage, ambao kazi yao ndiyo iliyolifanya Baraza la Madaktari la Kanada lianze kutumia maswali ya viini kwenye mtihani wake mwaka 1992, waliuliza jambo rahisi: katika tatizo hili, ni hatua ipi ambayo mtahiniwa hujikwaa, na akijikwaa mgonjwa anaumia? Hicho ndicho kiini. Mengine yote ni muhimu, sibishi, lakini si kiini.

Sasa kamuulize muuguzi wa zamu ya usiku wodi ya watoto: vijana wetu hujikwaa wapi kwa mtoto huyu? Artesuneti hawaisahau, wanaiandika kabla hawajavua koti. Wanachosahau ni kupima sukari ya damu. Mtoto analala, wao wanasema "ni malaria ya kichwa," na ubongo unakosa chakula.

Basi tulirekebishe. Yale wanayoyajua, yafanye yawe yameshafanyika ndani ya kisa: "Njia ya hewa iko wazi, anapumua vizuri, degedege limekoma lenyewe nusu saa iliyopita, ameshapewa artesuneti miligramu 36 kwenye mshipa. Bado hajitambui. Uamuzi gani ufuate sasa hivi?" Ukifunika kisa hiki, swali halijibiki. Ndivyo inavyotakiwa.

Na tafadhali, usimwandikie "sukari ni milimoli 1.4 kwa lita." Kuna mwenzetu aliandika hivyo, akashangaa darasa zima limepata. Umeshampimia! Umebaki kumuuliza kipimo cha dawa, ambalo ni swali lingine kabisa.

Najua kuna daktari pale nyuma anataka kuniambia: "Na homa ya uti wa mgongo je? Hajitambui, ana degedege, lazima nichukue maji ya uti wa mgongo." Sawa, iwaze. Lakini kwa mtoto aliyezama kiasi hiki unaanza antibayotiki za kukinga, maji ya uti wa mgongo utayachukua akitulia. Sukari haisubiri. Ila unanisaidia: weka "chukua maji ya uti wa mgongo" kwenye machaguo, maana hapo ndipo kijana mwenye akili hupotea. Kipotoshi kama "mpe rufaa kwa daktari wa meno" kinapoteza wino tu.

Napenda zaidi toleo la pili la kisa hikihiki, na hili ni la kwetu. Ongeza sentensi moja: "Vijiti vya kupimia sukari vimekwisha wodini." Nani hapa hajakutana nalo? Sasa uamuzi umegeuka. Anayejua atasema: mchukulie kama mwenye sukari ya chini, mpe glukosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo, yaani mililita 60 kwenye mshipa, usingoje maabara. Asiyejua anatuma damu maabara na kukaa. Sentensi moja, na wale wawili wametengana. Na kama dawa iliyopo ni ya asilimia 50, inachanganywa sehemu moja kwa nne za maji ya sindano. Lakini hilo liwe swali lake, usilisukumie humu.

Alama, kwa haraka, maana chai naisikia inakuja. Sema wazi "chagua moja" au "chagua zisizozidi mbili." Anayezidisha anapata sifuri katika swali hilo, la sivyo watatia alama kila kisanduku kama wavuvi wa kutupa nyavu. Na lile chaguo la kumnywesha sharubati ya parasetamoli mtoto asiyejitambua, akilichagua, sifuri, hata kama sukari naye ameichagua. Ataivutia mapafuni.

Maswali mangapi kwa kisa kimoja? Mawili, matatu. Mkizidisha, la nne linaanza kulijibu la kwanza. Haya, toeni rasimu zenu, na viganja.