Kuhamishia ekstruda kichwani kwenye printa ya Bowden

Leo tunatumia ekstruda na mota ileile ya zamani. Kipya ni bamba la kuvifunga juu ya kichwa tu. Zima printa, chomoa umeme.

Toa mrija mrefu wa teflon, fungua ekstruda kwenye fremu, kisha funga bamba kwenye kichwa. Sasa kata kipande kifupi cha mrija kitakachotoka karibu kabisa na gia hadi nozeli. Tumia wembe mpya na ukate wima. Ukikata mshazari, plastiki iliyoyeyuka itajaa kwenye pengo juu ya nozeli na kuziba. Waya wa mota nao lazima ufike pande zote bila kuvutika, kwa hiyo sogeza kichwa kwa mkono mpaka mwisho wa kila upande kabla ya kuwasha.

Washa, pasha nozeli, kisha tuma:

```
M83
G1 E20 F100
```

Filamenti iingie ndani. Ikitoka, geuza mwelekeo wa mota kwenye mipangilio. Pima upya pia urefu wa nozeli kutoka kitandani, maana kichwa kimeguswa.

Tuje kwenye uzito. Mota ya kawaida ina gramu 280 hivi. Ile nyembamba ni karibu nusu yake, na ukiweza kuipata, ichukue. Kaza magurudumu ya kichwa yasicheze, kisha angalia mkanda wa X. Chapisha mchemraba wa milimita 20. Kitanda hakijaongezewa kitu, kwa hiyo mawimbi mapya yatatokea kwenye kuta zinazotazama kushoto na kulia, karibu na kona. Ukiyaona, shusha kasi ya kuongeza mwendo, kwa mfano kutoka 500 hadi 350:

```
M204 P350 T350
```

Kinachoharibu kazi za wengi ni kipimo cha kurudisha filamenti. Kwenye Bowden ulikuwa unarudisha milimita 5 au 6, kwa sababu filamenti hujikunja ndani ya mrija mrefu na sehemu ya mwendo hupotea humo. Sasa upotevu huo karibu haupo. Ukiacha 5, plastiki laini inavutwa hadi sehemu ya baridi, inaganda, na nozeli inaziba. Dalili yake ni kazi inayoanza vizuri, kisha baada ya muda mota inagonga tak-tak na gia inatafuna filamenti.

Anza na milimita 0.5, kasi 30 kwa sekunde. Chapisha minara miwili iliyoachana milimita 60, ukiongeza 0.25 kila jaribio. Simama kwenye kipimo kidogo kabisa kinachoondoa nyuzi katikati ya minara. Mara nyingi ni kati ya 0.75 na 1.5. Ukifika 2 na nyuzi bado zipo, usiendelee kuongeza. Shusha joto nyuzi 5, na kama hakuna badiliko, kausha filamenti: huenda imenyonya unyevu.