Pakiti moja, meza na rafu

Ndugu wafanyabiashara wenzangu, karibuni. Muuza viungo mdogo hana tangazo redioni wala bango barabarani, kwa hiyo jina lake linabebwa na pakiti. Pakiti hiyo inafanya kazi mahali pawili tofauti sana. Sokoni imelazwa mezani juani, mteja anaitazama kutoka juu, na wewe upo umweleze. Dukani haupo. Imesimama, imebanwa na nyingine, na ukingo wa rafu wenye kibandiko cha bei umeziba sehemu yake ya chini.

Tuchukue manjano ya unga, gramu 100, kwenye mfuko unaoonyesha pande zote. Wengi tunaupenda mfuko huo kwa sababu rangi inajiuza yenyewe. Shida ni kwamba kurkumini, ile inayoyapa manjano rangi, huharibiwa na mwanga. Baada ya muda mezani, geuza pakiti: upande ulioangalia jua umepauka, wa chini bado umekolea. Mteja hawazi habari za jua. Anawaza umechanganya na unga mwingine, na jina lililo mbele ya macho yake ni lako.

Jaribuni wenyewe. Fungeni pakiti mbili siku moja, moja ikae mezani, nyingine kwenye droo iliyofungwa, mzilinganishe baada ya wiki mbili. Mkiona tofauti, hamieni mfuko wenye foili ndani. Kama gharama haijaruhusu, lebo ifunike uso wote wa mbele, na dirisha liwe nyuma, upana wa vidole viwili tu, kisha mezani pakiti ilazwe dirisha likiwa chini. Pilipili nyekundu ya unga itendeeni vivyo hivyo. Mdalasini wa vijiti unastahimili zaidi, ila iliki ya kijani nayo hupoteza rangi, ingawa ni nzima.

Sasa jina likae wapi? Mimi nasema katikati ya pakiti, mahali palepale kwa kila kiungo, na kinachobadilika kiwe utepe wa rangi na jina la kiungo. Chini kunazibwa na rafu. Juu nako si salama, kwa sababu mfuko usiojaa huinamisha kichwa na kulificha jina. Hapo ndipo wengi tunakwama: tunang'ang'ania uzito mmoja kwa viungo vyote, wakati iliki nzima inachukua nafasi kubwa kuliko manjano ya unga ya uzito uleule. Pakiti moja inafura, nyingine inanywea.

Anzeni na mfuko, uzito ufuate. Jazeni kiungo, mgongegonge mfuko mezani taratibu mpaka unga utulie, maana usipotulia hapo utatulia njiani kwenda dukani. Ongezeni hadi vidole viwili chini ya zipu, mpime, kisha mshushe hadi uzito wa karibu ulio rahisi kusomeka. Huo ndio uandikwe kwenye lebo ya kiungo hicho.