Jinsi ya kuandika tangazo la dobi anayefuata nguo nyumbani: mfano wa Kigoma

Habari zenu, karibuni. Leo tunaandika tangazo la sekunde 30 la dobi anayezifuata nguo kwa mteja, anazifua, anazipiga pasi na kuzirudisha. Dobi wetu yuko Kigoma mjini, ana pikipiki moja, na anataka tangazo ambalo linaweza kuchezwa redioni na pia kurushwa kwenye simu. Chukua karatasi na kalamu, maana tutaandika hapahapa.

Kabla ya neno lolote, chagua mteja mmoja na nguo moja. Matangazo mengi ya dobi huanza hivi: "Je, umechoka kufua? Tunafua nguo za aina zote, popote ulipo, kwa bei nafuu." Ukimwuliza aliyesikia ni nani ametangaza, hakumbuki, kwa sababu hakuna hata kitu kimoja alichokiona kichwani. Sisi tunamchukua mama wa Gungu, mfanyakazi, na mkononi ana shati la mumewe lenye doa la mawese. Kwa nini mawese? Kwa sababu Kigoma ndiko yanakokamuliwa, yamo jikoni karibu kila nyumba, na kila mfuaji wa huku anajua yakidondoka kwenye nguo nyeupe kuna kazi. Ukiandikia mji mwingine, tafuta doa la mji huo.

Sasa kaa na dobi mwenyewe, umuulize analitoaje hilo doa. Usiruke hapa, kwa sababu maneno ya kuonesha kwamba nguo inatunzwa hutoka kwenye kazi yenyewe. Dobi mzuri atakwambia kwamba mawese ni mafuta yenye rangi, kwa hiyo vita ni viwili. Mafuta kwanza: anafyonza yaliyozidi kwa karatasi au kitambaa bila kusugua, kisha anapaka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, anaiacha kidogo ndipo anafua, kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyovumilia. Rangi ya chungwa inayobaki kwenye shati jeupe hufifia juani. Na halipigi pasi shati lenye doa, kwa sababu joto huligandisha likawa la kudumu. Kitenge je? Kinageuzwa ndani nje, kinafuliwa kwa maji baridi peke yake na kuanikwa kivulini ili rangi isipauke.

Haya yote hayaingii kwenye tangazo. Utachagua mawili tu: doa kutibiwa kabla ya kufua, na kitenge kuanikwa kivulini. Hapo neno "tunajali nguo zako" huna haja nalo tena, mama ameshasikia unavyojali.

Upande wa urahisi, achana na "popote ulipo". Pikipiki moja haiwezi kuwa Bangwe, Ujiji na Kibirizi kwa wakati mmoja. Taja mitaa na siku: Jumatatu na Alhamisi asubuhi, Mwanga, Gungu na Katubuka. Kwa anayetoka kazini saa kumi, kujua siku ya kupitiwa ni urahisi mkubwa kuliko ahadi ya "muda wowote", kwa sababu anaweza kuacha nguo tayari hata kwa dada wa kazi.

Tuandike. Sauti ya kwanza ni maji yakimwagwa kwenye beseni. Kisha:

MAMA: Mawese tena! Na shati hili Ijumaa analitaka.
JIRANI: Usilifikiche jirani, utalieneza. Leo dobi anapita.
(Pikipiki inazimwa nje.)
KIJANA: Hodi! Shikamoo mama.
MAMA: Marahaba, karibu.
KIJANA: Tuhesabu pamoja. Mashati manne, kitenge kimoja, mashuka mawili. Doa liko wapi?
MAMA: Hapa kifuani.
KIJANA: Nimeandika.
MSEMAJI: Jumatatu na Alhamisi asubuhi tunapita Mwanga, Gungu na Katubuka. Doa tunalitibu kabla ya kufua, kitenge tunakianika kivulini. Baada ya siku mbili nguo zinarudi zimepigwa pasi. (Jina la dobi, namba ya simu.)

Tazama kijana anavyohesabu. Hofu kubwa ya mtu kumpa mgeni nguo zake ni kupotea au kubadilishwa, na hofu hiyo huwa haisemwi kwa sauti. Kuhesabu mbele ya mwenye nguo na kuandika daftarini kunaijibu bila kuitaja. Ukiandika "hatupotezi nguo", umemkumbusha kwamba huwa zinapotea! Kwenye video, kamera ikae karibu kabisa na daftari: kalamu inaandika "shati jeupe, doa kifuani", na kipande cha kitambaa chenye namba kinafungwa kwenye kifungo cha shati.

Soma sasa kwa sauti, saa ya simu ikihesabu. Usisome kwa macho, macho yana haraka. Maneno ya Kiswahili ni marefu, hivyo sekunde 30 hubeba takriban maneno 60, na namba ya simu peke yake hula sekunde kama tano. Hili letu litapita kidogo. Kwenye video, iandike namba kwenye skrini, msemaji asiisome, na tatizo limeisha. Kwa redio namba lazima isikike, na ikiwezekana mara mbili, kwa hiyo ondoa mstari wa jirani wote pamoja na "mashuka mawili". Salamu usiiguse. Kijana anayeingia uani kwa mtu mzima bila hodi wala shikamoo atakuharibia kazi yote, hata kama anafua kama malaika.

Kuna maneno ya kufuta hata kama dobi anayapenda. "Tunatoa doa lolote" ni la kwanza. Alama iliyoachwa na dawa ya kung'arisha si doa, ni rangi iliyokwisha toka, na hakuna sabuni ya kuirudisha. Mteja wa kwanza kuleta nguo kama hiyo atakuwa adui wa tangazo lako. La pili ni "leo leo". Dobi anayeanika kwenye kamba hawezi kuahidi hivyo, na hata zile siku mbili tulizoandika ni za kiangazi. Na kama hapokei nguo za ndani, jambo ambalo madobi wengi hulifanya na watu wengi huona aibu kuuliza, liandike chini ya skrini kwa herufi ndogo za kusomeka. Halihitaji kusemwa.

Kabla ya kurekodi, mpigie simu mtu mmoja wa Gungu au Mwanga ambaye hajui unachofanya, msomee mara moja tu, kisha muulize: watapita kwenu siku gani? Akijibu "Jumatatu na Alhamisi", rekodi. Akisema "nadhani wanakuja ukiwaita", mstari wa msemaji umejaa mno. Hapo toa kitenge, bakiza siku na mitaa.

Msemaji mrekodi peke yake, faili tofauti na maigizo. Mvua za Kigoma zikianza, kwenye mwezi wa Oktoba, nguo zinachelewa kukauka, na utahitaji kubadilisha "siku mbili" kuwa "siku tatu". Ukiwa na faili lake pembeni, unamwita arekodi sentensi moja, mama na kijana hawasumbuliwi.