Wiki ya sita ni lini? Maongezi na wazazi asubuhi ya chanjo, Busia ya Uganda

Habari za asubuhi mama zangu, na nyinyi baba mmekuja leo karibuni sana, sogeeni hapa kivulini. Kabla sista hajaanza kuita kadi nataka tuongee kitu kimoja tu, tarehe. Sindano wengi wenu mnazijua, mnazo kichwani, ila tarehe ndo inatusumbua hapa kila siku ya chanjo.

Tuchukue mtoto amezaliwa tarehe 3 mwezi wa 3. Siku hiyohiyo, au mapema iwezekanavyo, anapata BCG ya kifua kikuu mkononi na matone ya polio mdomoni. Hayo matone ya kuzaliwa yana muda wake, ni wiki 2 za kwanza, zikipita hayo hatupi tena, tunangoja yale ya wiki ya 6. BCG yenyewe ukichelewa njoo bado, usikae nyumbani ati imepita.

Sasa wiki ya 6. Wengi wanahesabu mwezi mmoja na nusu kwa kukisia, wengine wanahesabu kutoka siku walipotoka hospitali, hapana. Hesabu kutoka siku ya kuzaliwa, siku 42. Mtoto wetu wa tarehe 3 mwezi wa 3 wiki yake ya 6 ni tarehe 14 mwezi wa 4, ukimleta wiki ya 5 tutakurudisha na utatukasirikia, lakini sindano iliyopigwa kabla ya wiki 6 mwili wa mtoto haujaishika vizuri na sisi haturuhusiwi kuihesabu. Hata aliyezaliwa kabla ya wakati anahesabiwa kutoka siku aliyozaliwa, si ile tarehe mliyokuwa mmemngojea.

Siku hiyo ya wiki ya 6 anachomwa paja la kushoto ile sindano moja ya kukinga magonjwa matano, kifaduro, pepopunda, dondakoo, homa ya ini na Hib, yule mdudu wa homa ya uti wa mgongo, na paja la kulia ile ya nimonia, halafu anapewa matone ya polio na ya rota, hiyo rota ni ya kuhara. Na mama na wewe unaangaliwa siku hiyo, damu, kidonda kama ulipasuliwa, maziwa, ukitaka uzazi wa mpango tunaongea. Mama anayemeza ARV mtoto wake anatolewa damu kidogo kwenye kisigino siku hiyohiyo, ndo maana wiki ya 6 naisemea sana, manake ukiiruka umeruka vitu vitatu na si sindano tu.

Kutoka hapo ni wiki 4, tarehe 12 mwezi wa 5 hiyo ndo wiki ya 10, halafu wiki 4 tena, tarehe 9 mwezi wa 6, wiki ya 14. Wiki ya 14 inaongezeka sindano ya polio, kwa hiyo mtoto atachomwa mara tatu siku moja, msishtuke, ziwe tatu au moja mwili unaweza.

Sasa mama huyu alisafiri. Alienda msibani upande wa pili, Kenya, akakaa, akarudi tarehe 2 mwezi wa 6 na mtoto ana miezi mitatu hajapata hata moja ya wiki ya 6. Wengi wakifika hapo wanaogopa kugombezwa, wanakaa nyumbani kabisa, na mtoto ndo anabaki hivyo. Mama, njoo. Tunampa zile za kwanza tarehe 2 mwezi wa 6, za pili tarehe 30 mwezi huohuo, za tatu tarehe 28 mwezi wa 7. Zimesogea tu, hazijafutika. Na yule aliyepata ya kwanza akakosa ya pili haanzi upya, anaendelea pale alipofikia, hata kama imepita miezi, hiyo kuanza upya sijui nani anawaambia. Kitu tusichoweza ni kukimbiza, yaani kusema kwa kuwa amechelewa basi achomwe leo na wiki ijayo, wiki 4 katikati lazima zitimie.

Na kama alichanjwa huko Kenya, leta kadi ya huko. Tunaikubali. Bila kadi sisi tunaona kovu la BCG tu, zile za mapajani haziachi alama, hatuwezi kujua amepata ngapi.

Sasa wengi wakimaliza wiki ya 14 wanasema tumemaliza, kadi inawekwa chini ya godoro mpaka miezi 9. Zamani ilikuwa sawa. Tangu mwezi wa 4 mwaka 2025 Uganda ina chanjo ya malaria, na hiyo inaanza miezi 6, halafu 7, halafu 8, na ya nne miezi 18. Kwa hiyo mtoto wetu ana safari tarehe 3 mwezi wa 9, wa 10, na wa 11, na miezi 6 anaanza pia vitamini A. Neti msiitoe kitandani kwa sababu ya chanjo, hiyo chanjo inapunguza malaria, haiimalizi.

Tarehe 3 mwezi wa 12 ana miezi 9, surua na rubela pamoja na homa ya manjano. Mnaniuliza kwa nini surua isipigwe mapema, ni kwa sababu kinga ya mama aliyopata tumboni bado iko kwenye damu yake na inaiua chanjo kabla haijafanya kazi, inapungua karibu na miezi 9. Surua ya pili ni miezi 18, siku moja na malaria ya nne, msiiache, wapo watoto ambao ya kwanza haikushika.

Njooni asubuhi, tafadhali. BCG na surua zinakuja poda, tunachanganya na maji yake, na chupa ikishachanganywa yakipita masaa sita tunaitupa hata kama imebaki. Kwa hiyo unaweza kufika jioni ukaambiwa rudi siku nyingine na umelipa bodaboda bure.

Pesa hapa hakuna. Sindano, kadi, kupima kilo, vitamini A, dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja, vyote vya bure, ukiombwa hela usibishane na mtu kwenye laini, nenda kwa inchaji. Mnachobeba ni kadi, namba ya simu ya mtu anayepatikana, leso, na mtoto avae nguo inayofunguka mapajani, si ile suti ya kuvuta kichwani. Kikohozi au mafua si sababu ya kubaki nyumbani, mlete sista amuone.

Usiku atachemka kidogo, paja litavimba, siku moja au mbili, mnyonyeshe sana. Homa ikipita siku mbili, au akakataa nyonyo, au akashtukashtuka, mrudishe hapa mbio. Pale pa BCG patatoa kidonda kidogo baada ya wiki kadhaa, kinapona chenyewe, msipake dawa wala majivu wala mafuta.

Haya, wenye watoto wa siku chache wa BCG njooni mbele, kadi mkononi, wa wiki ya 6 kaeni ule upande wa mizani.