Kuchora njia ya kalsiamu: huu mshale wa mfupa unakosewa sana

Karibuni tena. Leo tunachora jinsi mwili unavyorudisha kalsiamu iliyoshuka kwenye damu. Chukua manila na kalamu mbili, nyekundu na bluu. Chora shingo, figo, utumbo na mfupa. Umemaliza? Twende.

Juu kabisa andika kalsiamu ya damu: 2.0 mmol/L. Kawaida ni kati ya 2.2 na 2.6 hivi, kwa hiyo mtu wetu amepungukiwa. Nyuma ya tezi ya thairoidi weka nukta nne. Hizo ni tezi za paratiroidi. Zikihisi upungufu, ndani ya dakika chache zinamwaga homoni yao, PTH.

Mshale mwekundu wa kwanza uende kwenye figo. Hapo PTH inazuia kalsiamu isipotelee kwenye mkojo, inaisukuma fosfeti itoke, na inawasha kimeng'enya kinachoikamilisha vitamini D. Sasa toka kwenye figo uende utumboni. Usianzie kwenye PTH! Ni vitamini D iliyokamilika inayoufanya utumbo unyonye kalsiamu zaidi, tuseme ya mukene wa mchana walioliwa pamoja na miiba yao. Hiyo huchukua saa nyingi, hata siku.

Tufike kwenye mfupa, na hapa tupunguze mwendo. Mshale wa PTH usiuelekeze kwa osteoklasti, seli inayobomoa. Uelekeze kwa osteoblasti, seli inayojenga. Huyo mjenzi ndiye anayetoa ujumbe uitwao RANKL, na ujumbe huo ndio unaomwamsha mbomoaji aachie kalsiamu ya mfupa iingie kwenye damu. Ngoja, dirisha linang'aa kwenye manila, hamwoni kitu... nimeigeuza. Narudia: PTH, mjenzi, RANKL, mbomoaji. Ukimruka mjenzi, mchoro wote umeharibika.

Sogea karibu uone mfupa huu wa kuku. Umelala kwenye siki siku tano, na sasa unapinda kama mpira. Asidi imeyeyusha madini, imebaki kolajeni, zile nyuzi za protini. Osteoklasti nayo inamwaga asidi, ila yenyewe inaisaga na kolajeni pia, kwa hiyo inaacha shimo. Kulichimba ni wiki tatu hivi. Kulijaza ni miezi mitatu au zaidi. Ndiyo maana PTH ikibaki juu muda mrefu, mashimo yanawashinda wajenzi na mfupa unadhoofika.

Kalamu ya bluu sasa. Kalsitonini, homoni inayoshusha kalsiamu, inatoka kwenye thairoidi yenyewe, na mshale wake unakwenda moja kwa moja kwa osteoklasti kuituliza. Mimi huuchora mwembamba makusudi, maana kwa binadamu mzima nguvu yake ni ndogo: mtu aliyeondolewa thairoidi yote hukaa na kalsiamu ya kawaida, mradi zile nukta nne zimesalimika. Zikiumia kwenye upasuaji, siku moja au mbili baadaye midomo na ncha za vidole huanza kufa ganzi, kisha mikono inakakamaa. Ganzi hiyo ikitokea, pima kalsiamu saa hiyo hiyo.