Kutia rangi rasta: kutoka blondi hadi damu ya mzee

Karibuni tena, wapendwa. Hapa mkononi nina pakiti moja ya rasta, namba 613, ile blondi iliyopauka, gramu 165. Leo tunaigeuza iwe damu ya mzee. Jiko tusiliwashe kwanza, tuanze kwa kujua hizi nyuzi ni za nini.

Chomoa nyuzi tano au sita, ziweke kwenye kikombe cha glasi, kisha mimina asetoni kidogo, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha. Fanya hivi dirishani, mbali na moto, maana asetoni inashika moto haraka sana. Subiri dakika chache halafu ziguse kwa kijiti. Tazameni hapa: zangu zimelainika, zinanata kama gundi. Hiyo ni modakriliki, aina ambayo Kanekalon imetengenezwa nayo. Zako zikibaki vilevile, yaelekea ni poliesta. Kwa sababu hiyo hiyo, msije mkasafisha rasta kwa asetoni ikipata doa.

Modakriliki au poliesta, zote ni plastiki. Rangi ya boksi ya saluni hufanya kazi ndani ya nywele ya mtu, na ndani ya plastiki haina pa kushika. Piko nayo ni hivyo hivyo. Blichi haitang'arisha kitu, kwa hiyo rasta nyeusi haiwi blondi hata uiloweke usiku kucha. Tunaweza kwenda kwenye giza tu. Rangi za batiki zinakaa kwenye pamba. Ukizitia hapa zitaondoka zote kwenye maji ya kwanza.

Inayokubali ni rangi ya nguo za sintetiki. Tafuta chupa ya Rit DyeMore au pakiti ya iDye Poly. Chembe zake ni ndogo mno, na joto linapolegeza uzi ndipo zinapopenya ndani. Shida ni kwamba joto hilo hilo likizidi, uzi unasinyaa. Pakiti yangu ya kwanza niliichemsha kama maharage, nikaitoa imejikunja kama waya wa kusugulia sufuria. Rangi ilishika vizuri kabisa, lakini hakuna msusi ambaye angeweza kuisuka.

Sasa tuanze. Osha rasta kwa maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni ya vyombo, ili utelezi wa kiwandani utoke. Usipouosha, rangi itashika kwa mabaka. Ifunge kwa kamba ya pamba sehemu mbili, kwa ulegevu. Ukikaza, pale kwenye fundo patabaki blondi.

Sufuria iwe ya chuma cha pua, na isirudi tena kwenye mapishi. Weka lita nne za maji na vijiko vinne vya chakula vya rangi ya maji, kisha koroga. Pasha hadi nyuzi joto 75, na usivuke 80. Kama huna kipimajoto, angalia maji: mvuke unapanda, viputo vidogo vimeganda chini, lakini juu hapatokoti. Yakianza kutokota, ondoa sufuria motoni mara moja.

Kabla ya kuzamisha pakiti nzima, jaribu kishungi kimoja kwa dakika kumi. Kikisinyaa au kikiwa kigumu, punguza joto. Kikibaki laini, zamisha rasta yote ikiwa imelala kwa urefu wake. Usiikunje, kwa sababu mkunjo wowote wa kwenye maji ya moto hubaki. Igeuze taratibu kwa mwiko, usiisokote. Baada ya dakika kumi yangu ilikuwa waridi, baada ya ishirini nyekundu, na kwenye thelathini na tano ndiyo hii. Ikiwa imelowa huonekana nzito zaidi, basi ukitaka kujua rangi yake halisi, kausha ncha moja kwa kitambaa.

Zima moto, acha ipoe humo humo ndani. Suuza mpaka maji yatoke meupe, osha tena kwa sabuni, kisha itundike kivulini. Usitumie drai ya moto.

Ikishakauka, chukua kitambaa cheupe kibichi, kibane kwenye rasta, vuta kutoka juu hadi chini. Kikitoka na wekundu, rudia kuosha, la sivyo jasho litaipeleka kwenye kola na foronya. Wino wa maka uliochanganywa na spiriti ukapuliziwa juu huonekana mzuri siku ya kwanza, lakini ndio unaochafua hivyo, kwa kuwa umekaa juu juu. Mimi siupendi kwa nywele ya kusukwa.

Rangi hizi huwawasha baadhi ya watu. Funga kishungi nyuma ya sikio kwa siku mbili kabla ya kwenda kwa msusi. Ukiona vipele, usiisuke. Na ukimaliza kusuka, zile ncha za kuchovya kwenye maji ya moto zichovye kwa sekunde chache tu, taulo nyeusi mabegani, maana hapo rangi kidogo inaweza kutoka tena.